Neno «shinda»: namna ya kusoma kifungu cha kamusi

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipokuwa tungali wanafunzi, siku moja wakati wa likizo tuliombwa kutafsiri barua. Ilitoka kwa katekista wa kijiji cha mbali, naye aliiandika kwa Kiswahili kizuri sana. Padri aliyeangalia gala ya chakula alikuwa mugeni, hajajua bado ila Kifaransa. Katika barua ile mulikuwa na maneno haya: «Juzi na jana tulishinda na njaa, na watoto wakalala vilevile.» Sisi tulijua neno «shinda» tangu kalasi ya kwanza. Kushinda ni kazi ya askari vitani na ya wachezaji wa mupira. Basi tukaandika kwa Kifaransa kwamba watu wale walikuwa wameishinda njaa, na kwamba watoto walilala vizuri. Padri akafurahi, akapeleka magunia ya unga kwa kijiji kingine.

Kamusi ilikuwa juu ya meza, hatua mbili kutoka kiti chetu. Hatukuifungua, kwani neno tulilijua. Tena, hata kama tungalifungua, labda tungalisoma mustari wa kwanza, tukaona «pata nguvu juu ya adui», tukafunga kitabu kwa furaha. Ndivyo wengi wanavyosoma kamusi: wanatafuta neno, wanachukua maana ya kwanza, wanakwenda zao. Kwa hiyo leo tunataka kusoma pamoja kifungu kimoja tu, kile cha neno «shinda», polepole, alama kwa alama.

Kwanza ni lazima kulifikia neno lenyewe, na hapa sisi watu wa Kongo tuna shida yetu. Sisi tunasema na kuandika «mutu», «mulango», «mushindi». Kamusi zilizotungwa pwani huandika «mtu», «mlango», «mshindi». Mutu akitafuta «mushindi» kwenye ukurasa wa mu-, hataliona, naye atadhani ya kuwa kamusi haina neno hilo. Linakaa kurasa nyingi mbele au nyuma, kwenye ms-. Basi neno lenye kuanza na mu- likikosekana, ondoa ile «u» na kutafuta tena. Mara nyingi inatosha.

Shida ya pili ni ya vitenzi. Hakuna kamusi yenye neno «tulishinda». Kamusi ya Kilatini huweka «amo», maana yake «ninapenda», na wanafunzi wetu wamekwisha kuzoea kutoka neno lolote na kurudi kwa lile. Kamusi ya Kifaransa huweka namna ya kitenzi isiyo na mutendaji. Kamusi ya Kiswahili huweka shina tu, bila ku-, bila mutendaji, bila wakati. Basi katika «tulishinda» tunavua «tu», yaani sisi, tunavua «li», yaani wakati uliopita, na kinachobaki ni «shinda». Katika «hawakutushinda» tunavua «ha», «wa», «ku», na «tu», na tunafika palepale. Lakini angalia vizuri: ile «tu» ya pili ni ya mutendewa, nayo tutaihitaji baadaye. Usiitupe ukaisahau.

Kwa majina, kamusi hazipatani zote. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ile ya Kiswahili kwa Kiingereza, hukusanya majina yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe. Kwa hiyo mwenye kutafuta «ushindi» humo ataongozwa kwa «shinda». Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1981, huweka kila jina mahali pake kwa herufi ya kwanza. Namna zote mbili zina faida. Ya kwanza inaonyesha ukoo wa maneno, na ya pili inafaa mutu mwenye haraka. Lakini ni lazima kujua unashika kitabu gani, na jambo hilo linaandikwa katika dibaji, yaani kurasa zile ambazo hakuna anayezisoma.

Sasa tumefika kwa neno. Hiki hapa kifungu chenyewe. Tumekitunga sisi kwa mufano, kwa kufuata desturi za kamusi za Dar es Salaam na maandiko ya pwani, lakini hatukunakili kitabu chochote.

shinda¹ kt [ele] 1 pata nguvu juu ya adui au mpinzani: *Waliwashinda adui zao.* 2 faulu katika jambo gumu: *Ameshinda mtihani.* 3 zidi, pita: *Huyu ni mrefu kushinda yule.* (tdn) shindana, (tdw) shindwa.

shinda² kt [sie] kaa mahali au katika hali fulani mchana kutwa: *Leo tumeshinda shambani. Ameshinda na njaa.*

shinda³ kv -siojaa: *Mtungi ni shinda.*

Mutu asiyezoea anaona hapa tarakimu nyingi na vifupisho kama majani ya porini. Tuzigawanye.

Kuna tarakimu za namna mbili. Zile ndogo zilizopanda juu, kando ya neno, zinasema: «Haya ni maneno mbalimbali, yanayofanana kwa sura tu.» Shinda ya vita, shinda ya kukaa muchana, na shinda ya mutungi usiojaa, ni kama watu watatu wenye kuitwa Petro katika kijiji kimoja. Kuwa na jina moja si kuwa ndugu. Tarakimu za pili, zilizo ndani ya kifungu, zinasema jambo lingine: «Hili ni neno moja, lakini lina kazi mbalimbali.» Kumushinda adui, kushinda mutihani na kuwa murefu kushinda mwingine, zote zina wazo moja la kuzidi kitu. Huyo ni Petro mumoja ambaye asubuhi ni seremala na jioni anaimba kanisani.

Tofauti hiyo inafaa kwa kazi kweli. Tukiwa tumeingia kwa Petro asiye wetu, hata tukisoma maana zake zote, ya kwanza mupaka ya mwisho, hatutapata tunachotafuta. Sisi tuliotafsiri barua tungaliweza kukaa saa nzima ndani ya shinda¹, tukichagua kati ya maana 1, 2 na 3, na zote tatu zingalitupoteza. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua maana, chagua neno. Jicho lishuke kwanza kando ya ukurasa kuona kama kuna tarakimu ndogo za juu, na ziko ngapi.

Lakini tusifikiri ya kuwa mutungaji wa kamusi amepokea tarakimu hizo toka mbinguni. Mutungaji mumoja anaona maneno mawili mahali ambapo mwenzake anaona neno moja lenye maana mbili. Mutu anaweza kusema kwamba kushinda adui na kushinda shambani zina muzizi mumoja, yaani kubaki mupaka mwisho. Huyo atayaweka katika kifungu kimoja, akaandika maana 1 mupaka 4. Vilevile maana iliyowekwa namba 1 si lazima iwe nzuri kuliko zingine. Kamusi nyingine huanza na ile inayotumiwa mara nyingi, nyingine huanza na ile ya kale zaidi, toka hapo zikashuka mupaka zile za leo. Dibaji inasema ni ipi. Sisi tunaona ya kwamba namba 1 imewapotosha wanafunzi wengi kuliko alama nyingine yoyote, kwani inafanana na namba 1 ya mutihani: wanadhani ni ya yule aliyepita wote.

Sasa vifupisho. Mara tu baada ya neno tunaona «kt», yaani kitenzi, na kwa lile la tatu «kv», yaani kivumishi, neno la kueleza sifa ya jina. Tungaliona «nm» kama ni nomino, ambayo wazee wetu katika sarufi waliiita jina. Kwa nomino kamusi inaongeza jambo zuri. Kwa mufano: mshindi nm wa- [a-/wa-]. Ile «wa-» ya kwanza ni ya wingi: washindi. Zile za mabano ni kwa kitenzi: mshindi anakuja, washindi wanakuja. Na kisu kitakuwa na [ki-/vi-]. Hapa kwetu wengi husema «kisu yangu iko wapi» na wanaelewana bila shida sokoni, lakini anayeandika kwa ajili ya kitabu anapata katika mabano yale jibu la haraka, bila kufungua sarufi.

Turudi kwa kitenzi. Kitu kilichotupoteza katika barua kinafichwa katika alama hizi mbili: [ele] na [sie]. Ya kwanza ni kifupisho cha «elekezi». Maana yake kitenzi kinaelekea mutu au kitu, kinakishika: kushinda adui, kupiga ngoma, kula ugali. Ya pili ni «si elekezi»: kitenzi kinaishia kwa mutendaji mwenyewe, kama kulala, kuanguka, kusimama. Basi turudi kwa barua: «tulishinda na njaa». Je, njaa inashikwa na kitenzi? Hapana, kwani katikati pamekaa «na». Kama katekista alitaka kusema kwamba walipata nguvu juu ya njaa, angaliandika «tulishinda njaa», ao «tuliishinda njaa», na ile «i» ya njaa ingaliingia ndani ya kitenzi. «Na njaa» ni hali yao tu, sawa na kusema «walikaa na huzuni», «alirudi na homa». Kitenzi hakikushika kitu. Basi si elekezi, basi ni shinda², basi walikaa na njaa toka asubuhi mupaka jioni. Neno dogo la herufi mbili lilikuwa mulango, nasi tulipita kando yake.

Kuna njia mbili za kupima, na tunawapa hizo kwa sababu zimetusaidia sana. Ya kwanza ni kutia ndani ya kitenzi ile alama ya mutendewa. «Waliwashinda»: ukiweza kusema hivyo na sentensi ikakaa vizuri, uko kwa shinda¹. Ndiyo maana tulisema musitupe «tu» ya «hawakutushinda». Njia ya pili ni kugeuza sentensi. «Tulishinda adui» inageuka «adui alishindwa nasi», na maana ni ileile. «Tulishinda shambani» haigeuki. Huwezi kusema kwamba shamba lilishindwa nasi, isipokuwa unafanya mizaha juu ya wavivu.

Hata hivyo vipimo hivi vina mupaka, na haifai kuuficha. Kitenzi elekezi kinaweza kukaa bila kitu chake, wakati watu wote wanakijua. «Kikosi chetu kimeshinda!» Hakuna adui aliyetajwa, lakini kila mutu anaelewa na kupiga vigelegele. Sasa tuseme: «Vijana wameshinda uwanjani.» Je, wamewapiga wenzao mabao, ama wamekaa uwanjani muchana wote bila kufanya kazi? Alama za kamusi haziwezi kukata shauri hapa. Maana zote mbili zinaingia. Ni lazima kusoma sentensi ya mbele na ya nyuma. Kama sentensi inayofuata ni «na kuni hazijapasuliwa», jibu limepatikana.

Katika barua yetu pia jirani alikuwapo: «na watoto wakalala vilevile». Shinda² na lala ni mapacha. Moja ni ya muchana, na nyingine ni ya usiku: kushinda na njaa, kulala na njaa. Mutu anayeyaona yakifuatana hivyo ashuku mara moja. Sisi tuliliona «vilevile» tukalitafsiri «vizuri», kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuamini kwamba habari ni njema. Kosa moja lilivuta lingine.

Mifano iliyoandikwa kwa herufi za mulalo isirukwe. Wengi wanaona kama mapambo. Lakini maelezo yanasema neno ni nini, na mufano unaonyesha linakaa na nani. Katika kifungu chetu, maelezo ya shinda² hayasemi popote kwamba njaa inakuja na «na». Mufano tu ndio unaosema. Na unasema karibu maneno yaleyale ya katekista! Anayetafuta kutafsiri aanze na mifano, akitazama ni upi unaofanana kwa umbo na sentensi iliyo mbele yake, ndipo apande kusoma maelezo.

Kitu kingine kinasahauliwa: alama za matumizi. Kamusi inaweza kuongeza kwamba neno ni la kale, ama ni la mahali fulani, ama ni la heshima, ama ni la matusi. Padri Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka kwa sehemu mwaka 1939 na 1941, aliangalia sana maneno yanasemwa wapi, Unguja ama Mombasa ama kwingineko. Kwa sisi tunaokaa mbali na bahari, alama hizo zinafaa sana: zinatuzuia kuchukua neno la wavuvi wa kisiwa kimoja na kulifanya neno la watu wote.

Lakini alama ya hatari kuliko zote ni ile inayosema neno linatumiwa kwa nani. Tuchukue «jike». Maana yake ni ya kike, na mutafutaji mwenye haraka ataridhika. Lakini kifungu kizuri kitasema: kwa wanyama. Mbuzi jike, kuku jike, sawa. Mutu akiandika «mutoto jike» katika daftari ya wabatizwa, hakukosa maana, kwani kila mutu ataelewa, lakini amemutukana mutoto na mama yake. Ni lazima kuandika «mutoto wa kike», ao «musichana». Vilevile munyama anakufa, na mutu pia anakufa, lakini mbele ya jamaa yenye kilio tunasema «amefariki», na neno hilo hatulitumii kwa ng'ombe. Maana ni moja, namba ni moja, na bado maneno haya hayawezi kubadilishana mahali. Ikiwa kamusi yako ni ndogo na haina alama hizo, tafuta neno katika kamusi mbili ama muulize muzee mwenye kusema lugha vizuri, kabla ya kuliandika juu ya mutu.

Imebaki sehemu ya mwisho ya kifungu cha shinda¹: (tdn) shindana, (tdw) shindwa. Vifupisho hivyo vinatokana na kitenzi «tenda», kilichochukuliwa kama mufano wa vyote. Tdn ni «tendana», yaani wao kwa wao, na tdw ni «tendwa», yaani kutendewa na mwingine. Utaona pia tde, yaani «tendea», tds, yaani «tendesha», na tdk, yaani «tendeka». Kamusi inaonyesha kwa ufupi watoto wa kitenzi bila kueleza kila mumoja, kwa sababu inatumaini ya kuwa musomaji atahesabu mwenyewe: shinda, ongeza -na, watu wanataka kuzidiana, basi shindana.

Hesabu hiyo inafaulu mara nyingi, lakini si siku zote. «Shindwa» kwa hesabu ni kupigwa na adui. Lakini ikifuatwa na kitenzi kingine, maana inageuka: «nimeshindwa kuja» si kusema kuna mutu aliyenipiga, bali sikuweza kuja. Kwa hiyo mutoto wa kitenzi akionekana kuleta maana isiyolingana na sentensi, angalia kama ana kifungu chake mwenyewe mahali pengine katika kamusi. Watungaji wema humupa kifungu chake pale tu anapoacha kufanana na mama yake.

Hilo la mwisho lilitufaa upesi. Siku nne baada ya barua ya kwanza ilifika ya pili, toka kwa katekista yuleyule, fupi kuliko ile. Alisema unga haujafika, na mama mumoja mwenye mimba ameanguka, na tena: «Tumeshindwa kumuleta kwa miguu.» Safari hii tulifungua kamusi, tukaona «shindwa» ikifuatwa na kitenzi, tukaandika kwa Kifaransa kwamba hawana namna ya kumufikisha. Halafu tukaenda kwa Padri na barua zote mbili, tukamusomea ile ya kwanza upya, sentensi kwa sentensi, na kumwonyesha mahali tulipokosa. Hakusema neno juu yetu. Aliuliza tu njia inapita wapi, akachukua funguo ya gala na funguo ya gari.